Kurasa zinavunjika kwenye kitochi: ubaki na Opera Mini, uende moja kwa moja, au utumie kivinjari cha mbali?

Jumapili moja shangazi yangu alinipigia kutoka Korogwe. Nilipomwamkia hata hakungoja niulize habari za nyumbani.

"Marahaba mwanangu. Hii simu yangu imekufa. Najaza fomu ya chuo ya mdogo wako, nimechagua mkoa, Tanga imekubali, lakini wilaya haiji. Imeandika Chagua, nikibonyeza naona Chagua peke yake."

Simu haikuwa imekufa. Ni kitochi cha batani chenye kivinjari cha Opera Mini, bado kinashika mtandao na kinakaa na chaji siku nne. Na fomu ile ile niliifungua kwenye simu yangu, nikachagua Tanga, zikashuka Handeni, Kilindi, Korogwe, Lushoto na nyingine zote. Tovuti nayo ilikuwa nzima. Kilichovunjika kilikuwa katikati, kwenye seva inayoupokea ukurasa kabla yake, ikaupika upya, kisha ikamtumia kilichobaki.

Watu wengi wenye vitochi wanafika hapo na kujiuliza wafanye nini: wavumilie Opera Mini, watafute simu ndogo yenye kivinjari kinachokwenda moja kwa moja kwenye tovuti, au wachukue zile simu mpya za 4G ambazo kivinjari chake kinakaa kwenye kompyuta ya mbali. Nitazipima njia hizo tatu kwa vipimo vile vile. Kwanza tuone kinachotokea huko katikati, maana bila hilo vipimo vyenyewe havitaeleweka.

Ukurasa unapitia wapi

Opera Mini ilianza kutolewa Norwei mwaka 2005 na ikafunguliwa kwa dunia nzima Januari 2006. Ilitengenezwa kwa ajili ya simu za Java, ambazo kichakataji chake na kumbukumbu yake havikuweza kubeba kurasa kamili za mtandao. Wazo lake lilikuwa jepesi: kazi nzito ifanywe na seva, simu ichore tu.

Ukiandika anwani, simu haiendi kwenye tovuti. Inaituma anwani ile kwa seva za Opera. Seva ndiyo inayofungua tovuti, inapakua maandishi, picha na programu ndogo za JavaScript zilizomo ndani ya ukurasa, na kuziacha programu hizo zifanye kazi kwa muda mfupi sana. Katika maelezo yanayojulikana zaidi, muda huo ni sekunde mbili. Kisha kila kitu kinasimamishwa. Ukurasa unapigwa kama picha ya mnato, picha zake zinabanwa, maandishi yanapangwa yaenee kwenye skrini ndogo, na vyote vinafungwa katika muundo maalumu uitwao OBML. Hicho ndicho kinachoshuka kwenye simu yako.

Kwa hiyo unachokiona kwenye kitochi ni ukurasa uliokwisha kuganda. Ndani ya simu hakuna programu ya ukurasa inayoendelea kufanya kazi. Ukibonyeza kitufe, ukibadilisha chaguo au ukituma fomu, simu inairudia seva na kuiambia "amebonyeza hapa". Seva inaendesha kipande cha programu kinachohusika, inaugandisha ukurasa tena, inauleta upya. Matukio yanayopelekwa kwa namna hiyo ni machache: kubonyeza, kubadilisha chaguo, kutuma fomu na kuondoka kwenye ukurasa. Kuandika herufi moja moja hakupelekwi. Kushuka chini kwa ukurasa hakupelekwi. Saa inayohesabu sekunde haiendi.

Jambo jingine linalosahaulika ni umri wa injini. Injini ya kuchora kurasa kwenye seva hizo, kwa matoleo ya simu za Java, ni Presto, na Opera wenyewe waliacha kuiendeleza mwaka 2013 walipohamia kwenye injini inayotumiwa na Chrome. Tovuti za leo zinaandikwa kwa lugha ambayo Presto haikuwahi kufundishwa.

Njia ya pili, ya moja kwa moja, ni ile ya simu ndogo zinazotumia KaiOS, mfumo uliozaliwa kutokana na Firefox OS. Hapo kivinjari kimo ndani ya simu yenyewe. Kinaifuata tovuti, kinapakua kila kitu, kinaendesha programu zake humo humo, na hakuna seva ya kati inayogusa ukurasa.

Njia ya tatu ni ya kivinjari cha mbali. Kampuni ya CloudMosa, iliyojulikana kwa kivinjari cha Puffin, ina huduma iitwayo Cloud Phone inayowekwa kwenye simu za batani za 4G. Kivinjari kamili cha kisasa kinafanya kazi kwenye seva zao, simu inapokea mchoro wa kinachoonekana huko na kupeleka mibonyezo yako. Nayo ina seva katikati, ila kuna tofauti kubwa na Opera Mini: ukurasa kule kwenye seva hauui programu zake baada ya sekunde mbili. Unaendelea kuwa hai muda wote unaoutazama.

Vipimo nilivyotumia

Nimechukua vinne. Je, fomu na menyu zinafanya kazi? Je, majedwali na alama zinasomeka? Bando linakwenda kiasi gani? Na nywila yako inaonwa na nani njiani? Kipimo cha kwanza nitakikalia zaidi, kwa sababu ndicho kinachowafanya watu waamini simu zao zimeharibika.

Fomu na menyu

Turudi kwa shangazi. Fomu ile ilikuwa na orodha mbili. Ukichagua mkoa, programu ya ukurasa inauliza tovuti: nipe wilaya za Tanga. Jibu likija, orodha ya pili inajazwa. Kwenye simu kubwa hilo linachukua kufumba na kufumbua, na hata likichukua sekunde tano si tatizo, kwa sababu ukurasa upo hai unasubiri.

Kwenye Opera Mini, kuchagua mkoa kulipelekwa kwa seva. Hiyo ni sawa, kubadilisha chaguo ni tukio linalopelekwa. Seva ikaiamsha programu, programu ikaulizia wilaya kwenye tovuti. Lakini tovuti ikichelewa kidogo kujibu, seva imeshagandisha ukurasa na kuurudisha kwa shangazi. Wilaya zikafika kwenye ukurasa ambao tayari umefungwa. Naye akabaki na neno Chagua, na kila akibonyeza anaona lile lile.

Kuna dalili inayoonyesha kwamba ndivyo ilivyo. Mara baada ya kuchagua mkoa, ule mstari wa kupakia ulipita juu ya skrini kama vile anafungua ukurasa mpya. Nilimuuliza kwenye simu, "Shangazi, ulipobonyeza Tanga ukurasa uliruka?" Akajibu, "Uliruka, ukarudi palepale." Huko kuruka ndiko safari ya kwenda kwa seva na kurudi.

Sehemu nyingine za fomu zinavunjika kwa sababu jirani na hiyo. Kisanduku cha kutafutia shule kinachotoa majina kadiri unavyoandika hakitatoa kitu, maana herufi zako hazipelekwi moja moja. Ukurasa unaoongeza habari ukifika chini utaishia pale ulipoishia. Ule ukurasa wa kuthibitisha namba, unaokwambia subiri sekunde 60 ndipo uombe meseji nyingine, utabaki na 60 hadi jioni, na kitufe cha kuomba tena hakitawaka.

Menyu ya mistari mitatu ni ya kubahatisha. Ikifunguliwa kwa kubonyeza tu, itafunguka baada ya safari ya seva. Ikitegemea mwendo wa kuteleza kutoka pembeni, huenda isionekane kabisa, kwa sababu miendo ya aina hiyo haichorwi.

Lakini fomu ya kizamani, yenye visanduku vya kuandika na kitufe cha kutuma chini, inafanya kazi vizuri kwenye Opera Mini. Unajaza, unatuma, ukurasa wa pili unakuja. Nimeona watu wakiitupa Opera Mini yote kwa sababu ya fomu moja mbaya, na huko ni kuionea.

Kwenye KaiOS, orodha ya wilaya ingeshuka. Programu ziko ndani ya simu na hakuna anayezikatisha. Shida ya KaiOS ni nyingine: toleo la 2.5, lililomo katika simu nyingi za mfumo huu, linatumia injini ya Firefox ya toleo la 48, ya mwaka 2016. Programu ya ukurasa ikiandikwa kwa maneno mapya ambayo injini hiyo haiyajui, haitafanya kazi nusu. Itakataa kuanza kabisa. Ndiyo maana dalili ya KaiOS ni ukurasa mweupe mtupu, au kiduara kinachozunguka bila mwisho, ilhali dalili ya Opera Mini ni ukurasa unaoonekana lakini hauitikii. Ukiijua tofauti hiyo hutahangaika kuzima na kuwasha simu. KaiOS 3 imekwenda mbele hadi injini ya toleo la 84, kwa hiyo weupe huo umepungua, ila simu za 2.5 hazipandishwi kwenda huko. Ukinunua iliyokwisha kutumika, angalia namba ya mfumo kwenye mipangilio kabla hujatoa hela.

Kivinjari cha mbali ndicho chenye nguvu zaidi hapa, kwa sababu injini yake ni ya kisasa na programu zinaendelea. Wilaya zingeshuka, saa ingehesabu. Tatizo lake ni la mlango: kwenye simu nyingi za aina hii unakuta orodha ya huduma zilizowekwa tayari, kama habari, hali ya hewa na video fupi, si sehemu huru ya kuandika anwani yoyote. Kabla ya kununua, mwombe muuzaji aiwashe, kisha jaribu kuandika anwani ya tovuti unayoihitaji wewe. Ikikataa kuandikwa, sifa zake nyingine hazitakusaidia kwa fomu yako.

Majedwali, alama na picha

Chukua ukurasa wa matokeo ya kidato cha nne. Kimuundo ni ukurasa mwepesi, jedwali tupu, na kwa hesabu zote ulipaswa kuwa rafiki wa kitochi. Kila mstari una namba ya mtahiniwa, jinsi, jumla ya pointi, daraja, halafu masomo yote na alama zake kwenye safu moja ndefu.

Opera Mini ikiwa imewekwa kupanga kila kitu kwa safu moja, inalivunja jedwali na kushusha visanduku kimoja chini ya kingine. Unaona namba ya mtahiniwa, chini yake F, chini yake 21, chini yake II, kisha masomo yanayojikunja mistari minne. Halafu anaanza mwanafunzi mwingine bila mstari wa kuwatenganisha. Ukishuka haraka, 21 ya mmoja unaisoma kuwa ya mwenzake. Nimemwona mzazi akishangilia daraja la jirani. Hakuna tarakimu iliyobadilishwa, ni mpangilio tu uliopotea, lakini kwa msomaji matokeo ni yale yale.

Dawa ya hili ipo na haihitaji simu mpya. Ndani ya mipangilio ya Opera Mini tafuta `Single column view`, au `Mobile view` katika matoleo ya zamani ya namba 4, uizime. Ukurasa utaonekana mdogo kama karatasi iliyowekwa mbali. Kwenye matoleo hayo ya zamani bonyeza 5 kusogeza karibu, na 4 au 6 kwenda kushoto na kulia. Jedwali litakuwa limerudi kuwa jedwali. Ukimaliza kusoma matokeo iwashe tena, maana habari ndefu husomeka vizuri zaidi kwa safu moja.

Matoleo ya Java yana pia mipangilio iliyofichwa. Andika hii kwenye sehemu ya anwani:

```
opera:config
```

Humo kuna mstari wa `Fold linklists`. Ukiwa umewashwa, orodha za viungo zinakunjwa, na menyu nzima ya tovuti inaweza kufichwa nyuma ya alama moja ndogo. Wengi wanadhani menyu imepotea. Weka `No`, hifadhi, pakia ukurasa upya. Kama toleo lako halifungui anwani hiyo, basi mipangilio hiyo haimo humo na hakuna cha kuharibika kwa kujaribu.

Halafu kuna vile visanduku vitupu mahali palipokuwa na alama ya simu, bahasha au kikapu. Hizo ni alama zilizotengenezwa kama herufi za fonti maalumu, na Opera Mini haipakui fonti za tovuti. Kitufe kipo na kinabonyezeka, ila huoni kimeandikwa nini. Mwenye tovuti anaweza kuliondoa tatizo hili kwa kuandika neno kando ya alama, na kwa kuhakikisha fomu yake inatumika kwa kitufe halisi cha kutuma. Hayo mawili tu yangewaokoa watu wengi wenye vitochi.

KaiOS inachora fonti na majedwali kama yalivyo. Ubaya wake ni skrini: nyingi zina upana wa nukta 240, na kwa kuwa hakuna seva iliyokupangia maandishi, unasogeza mshale huku na huku kwa batani. Kwa jedwali la matokeo ni sawa. Kwa makala ndefu ambayo tovuti yake haikufikiria simu ndogo, macho yanachoka. Kivinjari cha mbali kinachora kwa usahihi pia, lakini maandishi yakija kama picha iliyobanwa kwenye skrini ndogo, herufi huwa na ukungu mtandao ukiwa dhaifu.

Bando na kasi

Hapa ndipo Opera Mini inapojibu hoja zote zilizotangulia. Kampuni yenyewe imekuwa ikisema inabana data kwa hadi asilimia 90. Tuseme ukurasa wa habari wenye picha una megabaiti 2, jambo la kawaida siku hizi. Kwa kiwango hicho cha juu kabisa ungeshuka kwa megabaiti 0.2, yaani kwa MB 100 ungefungua kurasa 500 badala ya 50. Si kila ukurasa unabanwa hivyo. Wenye maandishi matupu hauna kingi cha kubana. Lakini mahali ambapo mtandao ni wa 2G, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ukurasa utafunguka au utakwama.

KaiOS inakula bando kama simu yoyote, kwa sababu inapakua kila kitu kama kilivyo. Na simu hizi zina kumbukumbu ndogo, MB 256 au 512, hivyo ukurasa mzito unaweza kuifunga app ya kivinjari kabla haujaisha kupakia. Bando limekwenda na ukurasa hukuuona. Kivinjari cha mbali kinategemea unachofanya. Ukisoma ukurasa uliotulia kinabana vizuri, ila kila kinachosogea kwenye skrini kinabidi kishuke kutoka kwa seva, na ucheleweshaji unausikia katika kila mbonyezo. Bila 4G inayoshika vizuri, usikifikirie.

Nywila yako inapita mikononi mwa nani

Kwenye Opera Mini ya kitochi, njia kutoka simu hadi seva imefungwa kwa usimbaji, na kutoka seva hadi tovuti imefungwa pia. Lakini katikati, ndani ya seva, ukurasa lazima ufunguliwe, kwani bila kufunguliwa hauwezi kupikwa upya. Opera hawakulificha hilo: wamekuwa wakieleza kwamba anayetaka ulinzi usiokatika kutoka kwake hadi kwenye tovuti atumie kivinjari kamili. Hali ni hiyo hiyo kwa kivinjari cha mbali, maana nywila unaiandika kwenye kivinjari kilicho kwao.

KaiOS ndiyo pekee kati ya hizi tatu ambapo kufuli linakwenda kutoka mkononi mwako hadi kwenye tovuti bila kufunguliwa njiani. Faida hiyo ina sharti lake. Simu yenyewe ndiyo inayokagua vyeti vya tovuti, yaani uthibitisho kwamba tovuti ni yenyewe kweli, na cheti kina tarehe. Ukitoa betri na saa ikarudi miaka ya nyuma, kila tovuti itakwambia si salama, mpaka urekebishe tarehe. Tena, Septemba 30, 2021, cheti kimoja mama kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi sana kilimaliza muda wake, na vifaa ambavyo havikuwa na mrithi wake, ISRG Root X1, vikaanza kukataa tovuti zisizo na kosa lolote. Mtu wa Opera Mini hakuhitaji kulijua hilo, kwa sababu ukaguzi wa vyeti vya tovuti unafanywa na seva.

Kuna la ziada kuhusu seva za kati, nalo ni anwani. Tovuti inaona namba ya mtandao ya seva, si ya simu yako. Baadhi ya tovuti zitakudhania uko nchi nyingine, au zitakuletea fumbo la kuchagua picha ili uthibitishe wewe ni mtu, kwa vile maelfu wanaonekana kutokea anwani moja. Fumbo hilo lenyewe linahitaji programu iliyo hai, kwa hiyo kwenye Opera Mini ndiyo unakuwa umefika mwisho wa njia.

Kujua kwa hakika tatizo liko wapi

Kabla hujatumia hela, fanya majaribio mawili. La kwanza, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha namba yako ya mtandao na nchi uliyopo. Ikitaja nchi ya mbali, unapitia seva ya kati. Tovuti inayoonyesha aina ya kivinjari itakuonyesha pia maneno yanayoanza hivi:

```
Opera/9.80 (J2ME/MIDP; Opera Mini/
```

Jaribio la pili, fungua ukurasa ule ule kwenye simu ya jirani yenye kivinjari cha kawaida, mkiwa mmekaa pamoja. Kwake ukifanya kazi, kosa ni la seva ya kati. Ukivunjika na kwake, tovuti ndiyo mbovu na hakuna simu itakayokusaidia leo.

Wewe uko upande upi

Kama kazi yako kubwa ni kusoma, yaani habari, bei za mazao, matokeo, mahubiri, na mtandao wa kwenu ni wa kusuasua, baki na Opera Mini. Jifunze kuzima na kuwasha ile `Single column view`, na usizime picha kabisa kama unasoma matangazo, maana siku hizi matangazo mengi hubandikwa kama picha.

Kama unajaza fomu mara kwa mara, za shule, za ajira, za vibali, na hutaki simu ya kugusa, tafuta KaiOS, ya toleo la 3 ukiipata. Tenga bando la kutosha na uikague tarehe ya simu kila inapozimika.

Kama una 4G nzuri nyumbani na unachotaka ni video fupi, habari na huduma chache zinazojulikana, simu ya kivinjari cha mbali itakupa uhai ambao hizo mbili hazina. Jaribu kwanza dukani ile anwani unayoihitaji, na usiingie humo na nywila ya barua pepe yako kuu.

Kama ni mambo ya hela, kitochi kina njia yake nje ya kivinjari. `*150*00#` ya M-Pesa Tanzania, au `*334#` kwa Kenya, haipiti kwenye seva yoyote ya kupika kurasa na haivunjiki kwa sababu hizi.

Na kama fomu ni moja tu kwa mwaka, kama ya shangazi, hakuna sababu ya kununua simu. Yeye alinisomea majibu yote kwa simu nikiwa nimeifungua fomu kwangu, jina kwa jina, hadi tukafika kwenye wilaya. Meseji ya kuthibitisha ikaingia kwenye kitochi chake, akanitajia namba sita polepole kama anayehesabu mayai, nikazijaza, ikakubali. Angetaka kwenda mwenyewe, steshenari yoyote pale mjini yenye kompyuta ingetosha, mradi aende na kitochi chake mfukoni kwa ajili ya ile meseji, na aangalie mwenye kompyuta ametoka kwenye akaunti kabla hajaondoka.